Daftari langu la kazi linasema nibaki maabara. Nilisikilize?

Salamu mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 34, na ninafanya kazi katika kituo cha kupozea maziwa cha chama cha ushirika huku upande wa Njoro. Ni mwaka wa sita sasa nikiwa mpimaji. Maziwa yakishuka kwenye lori napima kwa laktomita kujua kama yametiwa maji, kisha kwa alkoholi kujua kama yameanza kuchacha. Yasiyofaa nayarudisha. Miaka mitatu iliyopita mkufunzi mmoja alituambia kila mfanyakazi awe na daftari la kuandika aliyofanikisha na aliyojifunza. Wenzangu walicheka. Mimi nilinunua kauntabuku, na sasa niko kwenye la pili.

Mwezi huu mambo mawili yamenijia pamoja. Meneja anataka niwe msimamizi wa ukusanyaji, niongoze madereva na wapokezi wa ruti zote tano, na mshahara upande kwa shilingi 9,000. Kiwanda kimoja cha maziwa huko Eldoret nacho kimeniita kazi ya maabara kwa mkataba wa mwaka mmoja. Pesa ni nzuri zaidi, lakini itabidi nipange chumba huko na kurudi nyumbani wikendi. Wote wananisubiri hadi mwisho wa mwezi.

Nikasema, si daftari niliandika kwa ajili ya siku kama hii? Nililisoma lote kwa usiku mbili. Mafanikio yangu yote makubwa ni ya ubora wa maziwa. Lile kubwa zaidi nimeliandika kwa wino mwekundu: "Februari tulikuwa tunakataa lita 310 kwa siku. Juni ni lita 95. Nimeweza!" Na karibu kila nilipoandika kwa hasira ni kuhusu madereva: wamechelewa, wamebisha, mmoja amenitukana mbele ya wakulima. Mume wangu alisoma akasema, "Jibu si hili hapa? Wewe ni mtu wa maabara. Nenda Eldoret."

Lakini kuna ukurasa wa Oktoba mwaka jana umeandikwa: "Nimechoka kupima. Kila siku ni kuchovya na kutikisa." Hata sikumbuki kuyaandika maneno hayo. Halafu ule ushindi wa wino mwekundu, mwezi wa Machi chama kilileta mikebe ya alumini mahali pa jerikeni za plastiki. Mimi nilichofanya ni kupanda lori saa kumi na moja alfajiri kwa wiki mbili, tukabadilisha saa za ruti mbili. Je, ni wangu kweli? Na meneja, aliposikia nina daftari, ameomba nimpelekee alione kabla hajapeleka jina langu kwa kamati. Mle ndani kuna majina ya watu.

Nisaidie kulisoma daftari hili.

Mpimaji, Njoro

JIBU

Dada Mpimaji, tafuta penseli kwanza, kalamu tutaihitaji baadaye.

Nilikaa miaka mingi katika ofisi ya wafanyakazi mjini Kisumu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa upande wa ndani wa meza ya intavyu. Lugha yetu ilinifundisha jambo moja pale mezani. Mtu anapoeleza kazi aliyoifanya, sikiliza mwanzo wa kitenzi. Akisema "nilipanga", yuko. Akisema "tulipanga", huenda yuko na huenda alikuwa anatazama tu. Akisema "hasara ilipungua", basi hasara imejipunguza yenyewe, hakuna mtu hapo. Nikisikia "ilipungua" nilikuwa nauliza, "Ilipunguzwa na nani, akifanya nini?" Ungeshangaa ni wangapi walinyamaza. Wala hawakuwa waongo. Hawakuwa wamewahi kujiuliza.

Sasa pitisha penseli chini ya sentensi yako ya wino mwekundu. "Tulikuwa tunakataa" ni ya wengi. "Juni ni lita 95" haina mtendaji kabisa. Halafu ghafla "nimeweza". Umeweza nini? Kitenzi chenyewe hakipo. Kitenzi kiko kwenye barua uliyoniandikia mimi: "kupanda lori saa kumi na moja alfajiri kwa wiki mbili". Miaka mitatu ya daftari, na kazi yenyewe uliyoifanya umeiandika kwa mara ya kwanza ukimwandikia mtu usiyemjua. Sikulaumu, karibu madaftari yote ya kazi niliyowahi kuonyeshwa yako hivyo. Tunaandika matokeo kwa sababu ndiyo yanayofurahisha, mkono uliofanya kazi tunausahau.

Umeuliza kama ushindi ule ni wako. Hilo linaweza kupimwa, na wewe ni mpimaji. Kwanza ziache lita uchukue kiwango. Lita 310 na lita 95 hazisemi lolote mpaka tujue zilitoka kwenye lita ngapi. Februari huku kwenu ni kiangazi, nyasi zimekauka na ng'ombe wanatoa kidogo. Kufika Juni mvua ndefu zimeshanyesha na malisho yapo. Tuseme kitabu cha upokezi kinaonyesha Februari mlipokea lita 5,200 kwa siku na Juni lita 7,600. Hapo mlitoka kwenye lita 6 zinazokataliwa kwa kila 100 mkafika karibu lita moja na robo. Yaani wino mwekundu umekupunja badala ya kukuzidishia. Inaweza pia kuwa kinyume, ndiyo maana nataka namba za kitabu cha upokezi, nisitegemee kumbukumbu.

Kisha sababu. Hapo kati ya Februari na Juni nahesabu mambo matatu. Hali ya hewa ilibadilika, na maziwa ya jioni yaliyolala bila kupozwa huchacha polepole kukiwa na baridi kuliko kwenye joto la Februari. Mikebe ilikuja, na jerikeni ya plastiki unaijua: mdomo mwembamba, mkono hauingii kusugua, na mikwaruzo ya ndani inaficha mabaki ya jana yanayoambukiza maziwa ya leo. La tatu ndilo lako, saa za ruti mbili.

Bahati yako ni kwamba ulibadilisha mbili tu kati ya tano. Zile tatu zilizobaki ndizo mizani yako, kwa sababu zilipata mikebe ileile na baridi ileile, ila hazikukupata wewe. Zitazame peke yake. Tuseme zote tano zilianza kwenye 6 kwa mia, zile tatu zikashuka hadi 3, na zako mbili zikashuka hadi 1. Basi 3 za mwanzo ni za mikebe na hali ya hewa, na 2 zilizozidi zina sababu nzuri ya kuitwa zako. Ikiwa ruti zako mbili huleta lita 3,000 kwa siku, hizo ni lita 60 zilizokuwa zinarudi kwa mkulima kila siku na sasa hazirudi. Zikiwa zote tano zimeshuka sawasawa, saa ulizobadilisha hazikufanya kazi uliyodhani, na hilo nalo liingie daftarini kwa wino huohuo mwekundu. Angalia pia kama ruti zako mbili zilikuwa mbaya kuliko nyingine tangu mwanzo, maana kilichoharibika sana kina nafasi kubwa ya kushuka hata kikiachwa. Na kama siku hizo kulikuwa na ng'ombe wengi wenye ugonjwa wa kiwele au wanaokaribia kukauka, maziwa yao huweza kuganda kwenye alkoholi hata bila kuchelewa njiani. Hilo unalijua kuliko mimi, siendelei.

Simaanishi kwamba usiku wako wote uishie kwenye hesabu. Namba ikishakaa mahali pake, swali jingine linajitokeza, na kwangu ndilo kubwa. Siku unazojivunia kuliko zote katika miaka sita, ulikuwa wapi? Hukuwa maabara. Ulikuwa juu ya lori gizani, ukiongea na madereva, walewale unaowakasirikia kurasa nyingine zote, na ukawashawishi watoke mapema. Mume wako ameona neno "ubora wa maziwa" akasoma "maabara". Nadhani na wewe ulisoma hivyo. Lakini mada ya mafanikio ni kitu kimoja, na kitendo kilichoyaleta ni kitu kingine.

Usiruke sasa ukasema basi mimi ni mtu wa ruti. Wiki mbili za kufuatilia tatizo ulilolichagua mwenyewe si sawa na miaka ya kugawa mafuta ya lori, kupanga likizo na kupokea simu saa tisa usiku kwamba gari limekwama kwenye matope. Kuna usomaji wa tatu. Ruti zile mbili ulizijuaje? Kwa sababu maabara ilikuonyesha ni zipi zinaleta maziwa yanayoganda kwenye alkoholi. Ulipima, ukaudhika, ukatoka kwenda kutafuta chanzo. Huenda unachopenda ni ile safari ya kutoka kwenye kipimo hadi kwenye chanzo, na ule ukurasa wa Oktoba uliandikwa wakati ambapo kulikuwa na kupima tu, hakuna safari.

Kama hivyo ndivyo, cheo na mji vinarudi nyuma kidogo. Watu wa Eldoret waulize swali hili kabla hujatia sahihi: mpimaji wenu akiona tangi la eneo fulani linakataliwa kila wiki, anaruhusiwa kwenda huko kuona kuna nini, au anajaza fomu tu na kungoja tangi linalofuata getini? Meneja wako naye muulize: msimamizi wa ukusanyaji aliyetangulia, kwa wiki, alikuwa barabarani siku ngapi na mezani siku ngapi? Majibu ya maswali haya hayamo daftarini mwako. Daftari limekusaidia kuyajua maswali tu.

Sasa kurasa za hasira. Usizichane. Zisome zote kwa mkupuo mmoja, na pembeni mwa kila tukio andika neno moja: ndiyo au la. Swali ni hili: katika jambo hili, mimi nilikuwa na mamlaka ya kuamua? Dereva amechelewa ukamwambia akakupuuza, pembeni andika "la", kwa sababu hakuwa mtu wako. Ukimaliza hesabu. Ukikuta "la" zimejaa, inawezekana hasira yako ilikuwa ya kuona dawa na kuzuiwa kuitumia, na kiti kipya kinaweza kuiondoa sehemu kubwa. Ukikuta nyingi ni za kutukanwa, kudharauliwa kwa sababu wewe ni mwanamke, kupigiwa kelele mbele ya wakulima, kiti kipya hakikuahidi nafuu. Kinaweza hata kuongeza, angalau miezi ya mwanzo. Kabla hujakubali jua kama kamati itasimama nyuma yako siku utakapompa dereva barua ya onyo. Lile tukio la matusi, kwa njia, lihifadhi lilivyo pamoja na tarehe na waliokuwapo. Hilo si somo la kazi, ni kumbukumbu unayoweza kuihitaji siku moja.

Kuna kitu kingine ambacho penseli haiwezi kukionyesha, yaani siku ambazo hukuandika. Mtu asiye na saa maalum ya kuandika huandika moyo ukiwa moto. Ndiyo maana daftari lako lina ushindi na ugomvi, na kati yake kimya. Watafiti wawili, Teresa Amabile wa chuo cha biashara cha Harvard na Steven Kramer, waliwaomba watu 238 katika kampuni saba waandike kila jioni ya siku ya kazi, maswali yaleyale. Walikusanya kurasa karibu 12,000. Waligundua kwamba kilichoambatana zaidi na siku njema za watu hawa kilikuwa kuona kazi yenye maana imesogea mbele, hata kwa hatua ndogo. Nikizisoma kurasa zako nawaza jambo hili: waliweza kuliona hilo kwa sababu walikuwa na siku za kawaida mkononi. Wewe huna. Pengine ukurasa wa Oktoba ndio wa pekee wa siku ya kawaida, ndiyo sababu huukumbuki na ndiyo sababu umekushtua.

Lakini ni ukurasa mmoja. Usiupe uzito wa miaka sita kabla hujajua Oktoba ile kulikuwa na nini. Rudi kwenye jumbe za M-Pesa za mwezi ule. Mimi huwa nacheka watu wakisema hawana shajara, na simu inajua walipolipa hospitali, waliponunua unga na usiku waliokopa karo. Ukikuta mtoto alikuwa mgonjwa na ulikuwa hulali, yale maneno ni ya mama aliyechoka. Ukikuta mwezi ulikuwa mtulivu na bado umeandika "kuchovya na kutikisa", ni ya mpimaji aliyechoka. Hayo mawili yanapeleka mahali tofauti.

Kwa siku zilizobaki hadi mwisho wa mwezi, andika kila jioni ya kazi mistari mitatu, dakika tano zisizidi. Wa kwanza, kazi iliyokula saa nyingi leo. Wa pili, kitu kilichosogea mbele kwa mkono wangu, na kianze na "ni-". Wa tatu, ambacho ningefurahi kukifanya tena kesho. Siku isiyo na kitu, andika "hakuna", maana hiyo "hakuna" ndiyo iliyokosekana miaka mitatu. Wiki mbili au tatu ni chache, na ukijua unaweza kuondoka kila kitu huonekana kama unakiaga. Soma mistari hiyo ukikumbuka hilo.

Kutokumbuka ulichoandika usikuone kama kosa lako. Mwaka 1975 mtafiti Baruch Fischhoff alionyesha kwamba watu wakishajua jambo liliishaje, huamini kwamba walikuwa wameliona likija. Mimi ni shahidi. Niliwahi kuacha kazi moja Kisumu nikienda Nairobi, na kwa miaka nikasimulia kwamba niliondoka kwa sababu ya bosi mgumu. Siku moja nikakuta kijitabu changu cha mwaka ule. Bosi ametajwa mara mbili. Kilichojaa kurasa zile ni malalamiko ya kufanya ripoti za mtu mwingine na kuketi peke yangu siku nzima, na Nairobi nilikwenda nikapewa kazi ya ripoti, peke yangu, siku nzima. Bosi alikuwa mpole sana.

Hapo ndipo tunaitoa kalamu. Peter Drucker, yule mwandishi wa mambo ya uongozi wa kazi, alikuwa na desturi rahisi: kila alipofanya uamuzi mkubwa aliandika anachotarajia kitokee, na baada ya miezi 9 au 12 akalinganisha na kilichotokea. Nakuomba ufanye hivyo mara mbili, kabla hujaamua. Ukurasa mmoja uandike kana kwamba umekwenda Eldoret, mwingine kana kwamba umechukua usimamizi. Usiandike "nitafurahi", andika vitu vinavyoweza kuhesabika. Kwa Eldoret mfano wake ni huu: "Natarajia kufika nyumbani wikendi tatu kati ya nne. Baada ya kodi ya chumba, nauli na chakula cha pili, natarajia kubaki na shilingi kadhaa zaidi ya sasa. Natarajia kufikia mwezi wa sita nitakuwa nimejifunza vipimo ambavyo kituo chetu hakina. Nitajua nimekosea nikiona mtoto mdogo ameanza kunikataa simu, au nikiwa bado ninafanya vipimo vilevile viwili." Kwa usimamizi: "Natarajia zile ruti tatu zibadilishwe saa zao kabla ya Januari. Natarajia kuwa barabarani siku tatu kwa wiki. Nitajua nimekosea ikiwa miezi minne imepita na sijapanda lori hata mara moja."

Hiyo "shilingi kadhaa" itakulazimisha kuketi na mume wako na karatasi. Pesa nzuri zaidi Eldoret ukitoa kodi na nauli zinaweza kuikaribia ile 9,000 ya hapahapa, au zikaizidi mbali. Sijui mtakuta nini, na mkataba ni wa mwaka mmoja, kwa hiyo andikeni pia mwezi wa kumi na tatu utakuwaje. Ukurasa utakaoona ni mgumu kuandika, ambao kila matarajio yake yanakutoka kwa shida, uangalie kwa makini. Inaweza kuwa hujui vya kutosha kuhusu kazi hiyo, dawa yake ni kuuliza. Inaweza pia kuwa huitaki.

Nimebakiza ombi la meneja. Naona njia tatu, na kila moja ina bei yake. Unaweza kumpa daftari lote. Ataona uaminifu wako, ataona pia majina ya madereva atakaotaka uwaongoze na uliyosema juu yao. Neno likitoka kwenye kauntabuku likaingia kwa kamati halirudi. Tena kama umeandika majina na namba za simu za wakulima ambao maziwa yao yalikataliwa, hizo ni taarifa za watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hatupaswi kuzisambaza tunavyopenda. Zifute, hukuzihitaji kwa somo lolote.

Unaweza kumkatalia kabisa. Ni haki yako, ila katika ofisi ndogo kukataa bila kutoa kitu mkononi huanza kuzungumzwa.

Au umwambie kwa upole, "Meneja, mle naandika ya moyoni pia, lakini kazi yenyewe nimekunakilia," umpe kurasa mbili safi. Humo uweke mambo manne au matano, si zaidi, kila moja likiwa na hali ilivyokuwa, ulichofanya wewe kwa "ni-", walichofanya wengine kwa majina ya heshima, na namba iliyothibitishwa na kitabu cha upokezi. Mikebe iandike ni ya kamati. Mtu anayewapa wengine haki yao kwenye karatasi huaminiwa zaidi kwa ile anayojiwekea. Hatari ya njia hii ni moja, utaanza kuliandika daftari lako ukifikiria macho ya meneja, na siku hiyo ukurasa kama ule wa Oktoba hautaandikwa tena. Zitenganishe kabisa: kauntabuku ibaki nyumbani, nakala safi iwe kazini.

Akizikubali kurasa hizo mbili, mwombe atie sahihi na tarehe chini. Sababu yangu ni kavu kidogo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamlazimu mwajiri kukupa cheti cha utumishi unapoondoka, lakini cheti hicho ni cha jina lako, aina ya kazi, mahali, siku uliyoanza na siku uliyoacha. Kusema ulifanya kazi vizuri au vibaya halazimiki. Wengi hugundua hivyo wakiwa wameshatoka, na aliyewajua naye amehama. Kurasa mbili zenye sahihi ya leo zinakaa. Ila ukienda Eldoret usibebe namba za chama bila ruhusa, huko ni kwa mshindani. Waeleze ulivyolinganisha ruti zilizobadilishwa na ambazo hazikubadilishwa. Njia hiyo ni yako, na mtu wa maabara akiisikia ataelewa anaongea na nani.

Basi kesho, lori la mwisho likishashusha, omba kitabu cha upokezi cha Februari na cha Juni, uzitafute zile ruti tatu ambazo hukuzigusa. Ukipata hesabu yake niandikie, hata ikiwa imeupunguza wino mwekundu.